Dola 48 za Kiondo Hupitia Wapi Kabla ya Kufika Benki

Kiondo kimesukwa Ukambani kwa katani, kikapelekwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, kikashonewa bitana ya kanga na mikanda ya ngozi, kisha kikapigwa picha na kuwekwa kwenye soko la mtandaoni la Etsy kwa dola 48. Mwanamke wa Houston, Texas, amekiona, amekipenda, amekinunua. Kadi yake imekatwa dola 61.70. Aliyekiuza akimaliza kupiga hesabu zake anakuta kwamba katika fedha hizo zimembakia dola 40.14, na hapo bado hajagusa gharama ya katani, ngozi wala nauli ya kukileta kiondo kutoka Kenya.

Hakuna aliyeiba kitu. Kila senti iliyotoka imeandikwa mahali, na mahali hapo ni taarifa ya hesabu ambayo soko hilo humtolea kila muuzaji kila mwezi. Tatizo ni kwamba wauzaji wengi wadogo huifungua taarifa hiyo, wakaangalia tarakimu ya chini kabisa, wakaifunga. Tarakimu ile ya chini ndiyo inayoeleza machache kuliko zote.

Muuzaji tunayemfuata hapa ni wa mfano, na bei za bidhaa na za posta ni za mfano pia. Viwango vya ada ni vile vinavyotozwa kweli na Etsy kwa muuzaji aliyeko Marekani. Tumchukue basi mama mmoja aliyehamia Minnesota, mwenye mdogo wake huko Machakos anayesuka pamoja na kundi la wanawake wenzake. Mdogo mtu humtumia viondo vitupu, dada mtu huvimalizia kwa mkono wake mezani jikoni. Kila zikikaribia siku za kutuma hela ya katani, simu huwa na swali lilelile: “Dada, si uliniambia kile chenye kanga nyekundu kiliuzwa dola 48? Sasa mbona hela ni hizi?”

Swali hilo linastahili jibu la mstari kwa mstari.

Etsy ilianzishwa Brooklyn, New York, mwaka 2005, kwa ajili ya vitu vya kazi ya mikono na vya zamani. Kufungua ukurasa wa duka na kuanza kuuza kulikuwa rahisi tangu mwanzo, na sehemu ya urahisi huo ni ada ndogo ya mlangoni: senti 20 kwa kila bidhaa unayoiorodhesha. Senti 20 hizo hulipwa iwe bidhaa imeuzwa au haikuuzwa, na zinaiweka sokoni kwa miezi 4. Miezi 4 ikiisha, kama muuzaji ameacha mpango wa kujihuisha wenyewe, zinakatwa senti 20 nyingine. Na bidhaa ikiuzwa hali ziko nyingine za aina hiyohiyo, tangazo linahuishwa papo hapo kwa senti 20 tena.

Kwa kiondo kimoja, senti 20 hazimwumizi mtu. Zinaanza kuonekana pale muuzaji anapoweka bidhaa 150 na nyingi zikakaa. Kila miezi 4 zinamtoka dola 30, yaani dola 90 kwa mwaka, kwa kulipia matangazo ambayo baadhi yake hayajaleta mteja hata mmoja. Kwenye taarifa mistari hii huja imetawanyika, mmoja leo, mitatu keshokutwa, ndiyo maana jicho huiruka. Njia ya kuiona ni kuipanga taarifa kwa aina ya ada badala ya tarehe. Hapo mistari yote ya kuorodhesha inasimama pamoja, na bidhaa zile zinazohuishwa mara ya tatu bila kuuzwa zinajitaja zenyewe.

Sasa turudi kwa mteja wa Houston. Kiondo kilikuwa dola 48. Muuzaji aliweka dola 9 za usafirishaji. Jumla ni dola 57. Juu yake kuna kodi ya mauzo ya Texas, ambayo Houston inafika asilimia 8.25 ukijumlisha ya jimbo na za mitaa, na Texas huitoza hata gharama ya kusafirisha. Kodi ikawa dola 4.70, na kadi ikakatwa dola 61.70.

Mstari wa kwanza wa oda hii kwenye taarifa unasema hivyo hasa: mauzo, dola 61.70, alama ya kuongeza. Mgeni akiuona anafurahi. Lakini mstari unaofuata unaondoa dola 4.70 za kodi, kwa sababu fedha hizo hazikuwa zake hata dakika moja. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya jimbo la South Dakota dhidi ya kampuni ya Wayfair, Juni 2018, majimbo yalipata nguvu ya kudai kodi ya mauzo kwa muuzaji asiye na duka wala ghala ndani ya jimbo, na yakatunga sheria zinazolibebesha soko lenyewe kazi ya kukusanya. Etsy inaikata kwa mnunuzi na kuipeleka Texas. Mama wa Minneapolis hana fomu ya kujaza kwa kodi hiyo. Anachopaswa kufanya ni kutoihesabu kamwe kama mauzo yake, kwa maana muuzaji anayejumlisha mistari ya mauzo bila kuondoa ya kodi atajiona amekua kibiashara kuliko alivyokua.

Baada ya kodi inakuja kamisheni, ambayo kwenye skrini inaitwa Transaction fee. Kiwango chake ni asilimia 6.5, na ndicho kiwango ambacho kila muuzaji anakijua kwa moyo. Wengi wanachokosa ni kujua asilimia hizo ni za nini. Kwenye taarifa kamisheni hii inatokea mara mbili kwa oda moja: mara ya kwanza kwa jina la bidhaa, dola 3.12, ambayo ni asilimia 6.5 ya dola 48. Mara ya pili imeandikwa Shipping, senti 59, ambayo ni asilimia 6.5 ya zile dola 9 za usafirishaji. Soko linachukua fungu lake hata kwenye pesa ambayo muuzaji anaipokea ili akailipe posta.

Haikuwa hivyo zamani. Hadi katikati ya mwaka 2018 kamisheni ilikuwa asilimia 3.5, nayo ilitozwa kwenye bei ya bidhaa peke yake. Baadhi ya wauzaji wakawa wanashusha bei na kupandisha usafirishaji ili kamisheni ipungue. Julai 2018 Etsy ikapandisha kiwango hadi asilimia 5 na kukitoza kwenye usafirishaji pia, na mlango ule ukafungwa. Aprili 11, 2022, kikapanda tena hadi asilimia 6.5. Wiki hiyo maelfu ya wauzaji waligoma kwa kuyaweka maduka yao katika hali ya likizo, mnunuzi asiweze kununua kitu. Kiwango hakikurudi nyuma.

Kuna jambo moja jema ndani yake kwa anayepanga bei. Kwa kuwa kamisheni inakula sawasawa kwenye bidhaa na usafirishaji, hakuna hasara ya ada ukiuza kiondo dola 57 na kuandika kwamba usafirishaji ni bure. Kamisheni ni ileile dola 3.71. Uamuzi huo unabaki kuwa wa kumvutia mteja, hesabu haiguswi.

Mstari wa tatu ni ada ya kupokea malipo kwa kadi. Kwa muuzaji wa Marekani ni asilimia 3 na senti 25 juu yake kwa kila oda. Na hapa pana jambo ambalo ni vizuri kulitazama kwa makini: asilimia 3 hii inahesabiwa kwenye fedha yote iliyopita kwenye kadi, yaani dola 61.70, kodi ya Texas ikiwemo. Asilimia 3 ya 61.70 ni dola 1.85, ongeza senti 25, unapata dola 2.10. Kati ya hizo, senti 14 ni gharama ya kupitisha kodi ya serikali ambayo muuzaji hakuishika. Ni kidogo, lakini ndiyo sababu muuzaji anayejaribu kuhakiki taarifa kwa kuchukua asilimia 3 ya dola 57 hupata jibu lisilolingana, akadhani soko limekosea. Zile senti 25 nazo zina tabia yake. Kwenye oda ya dola 57 hazionekani. Kwenye pete ya ushanga ya dola 4 zinakuwa zaidi ya asilimia 6 ya bei, kabla ya kitu kingine chochote kukatwa. Ndiyo maana wauzaji wa vitu vidogo hupenda kuvifunga vitatu vitatu.

Ongeza senti 20 za kuhuisha tangazo baada ya kuuza. Soko limechukua jumla ya dola 6.01. Ukilinganisha na bei ya kiondo, dola 48, hiyo ni asilimia 12.5, karibu mara mbili ya kile kiwango ambacho kila mtu anakijua kwa moyo. Baada ya hapo zimebaki dola 50.99.

Kisha linakuja fungu kubwa kuliko yote, na soko halihusiki nalo isipokuwa kama mpitishaji: posta.

Muuzaji hununua lebo ya posta ndani ya Etsy yenyewe, kwa sababu bei yake ni nafuu kuliko ya dirishani na namba ya kufuatilia mzigo inaingia kwenye oda bila kuandikwa. Tuseme lebo ya kwenda Houston ilikuwa dola 10.85. Alimtoza mteja dola 9, basi tayari amejazia dola 1.85 mfukoni mwake, mbali na zile senti 59 za kamisheni ya usafirishaji. Salio la oda linakuwa dola 40.14, ile tarakimu tuliyoanza nayo.

Lakini kiondo ni kitu chepesi kinachokula nafasi, na hapo ndipo posta ya Marekani ina kanuni inayowashtua wengi. Katika huduma yake ya kawaida ya vifurushi, boksi likizidi futi moja ya ujazo, yaani inchi 1,728 za ujazo, bei haifuati tena mzani. Vipimo vitatu vya boksi vinazidishwa, vinagawanywa kwa 166, na jibu, likisogezwa juu hadi namba kamili, linachukuliwa kuwa ndio uzito wa ratili kama limepita uzito halisi.

Mchukulie mama wetu na maboksi mawili yaliyo kwenye kabati lake. La kwanza lina inchi 12 kila upande. Zidisha: 1,728 kamili. Halijazidi, kwa hiyo kiondo cha ratili 2 kinalipiwa ratili 2. La pili lina inchi 14 kwa 12 kwa 12, tofauti ya inchi 2 tu upande mmoja. Zidisha: 2,016. Gawanya kwa 166: 12.1, inasogezwa hadi 13. Kiondo kilekile, ratili zilezile 2, sasa kinalipiwa kama mzigo wa ratili 13.

Kinachouma zaidi ni jinsi kosa hili linavyojitokeza kwenye taarifa. Siku ya kununua lebo, muuzaji anaandika uzito wa ratili 2 na kusahau vipimo, au anaandika vipimo vya boksi lake la kawaida, na lebo inatoka kwa dola 10.85. Mzigo unapita kwenye mashine za posta zinazopima na kukagua vipimo. Baada ya siku kadhaa, oda ikiwa imeshasahaulika, unatokea mstari mpya wa marekebisho ya posta, mathalani dola 9.40. Mara nyingi umeangukia mwezi mwingine. Muuzaji anayesoma taarifa kwa mwezi hataunganisha mstari huo na kiondo cha Houston. Atauona kama ada nyingine ya ajabu. Anayesoma kwa oda ataufuata hadi kwenye lebo, kutoka lebo hadi kwenye boksi, na boksi hilo halitatumika tena. Kiondo cha katani kinakunjika: kikibanywa bapa na mikanda kulazwa juu, kinaingia kwenye boksi la chini kuliko futi moja bila kuharibika.

Sasa gharama za mama mwenyewe, ambazo taarifa ya Etsy haizijui kabisa. Kiondo kitupu, nauli na ushuru wa forodha, kanga na ngozi vimemgharimu dola 22. Boksi, karatasi na utepe ni dola 1.80. Toa dola 23.80 kwenye 40.14, kinabaki kibarua chake cha kushona na faida yake pamoja: dola 16.34.

Hiyo ni kama mteja alikuja mwenyewe. Kama alikuja kupitia tangazo la nje, hesabu inageuka.

Mwaka 2020 Etsy ilianzisha mpango wa kuzitangaza bidhaa za wauzaji kwenye Google, Facebook na kwingineko kwa gharama yake, kisha kumtoza muuzaji pale tu mauzo yanapopatikana. Kwenye skrini unaitwa Offsite Ads. Muuzaji ambaye mauzo yake ya siku 365 hayajafika dola 10,000 hutozwa asilimia 15 ya oda, na ana ruhusa ya kujiondoa. Akishavuka dola 10,000, kiwango kinashuka hadi asilimia 12, lakini hana ruhusa tena ya kujiondoa muda wote duka litakapokuwepo.

Asilimia 15 ya dola 57 ni dola 8.55. Ile 16.34 inakuwa 7.79. Mstari mmoja umechukua zaidi ya nusu ya kilichobaki. Na ukitokea pamoja na yale marekebisho ya posta ya dola 9.40, mama ameshona bitana, amefunga boksi, amekwenda posta kwenye theluji, na amelipa dola 1.61 kutoka mfukoni kwa heshima ya kuuza kiondo.

Kuna kipengele kingine cha mpango huu ambacho wauzaji hulalamikia, na wana haki ya kukielewa kabla ya kukikubali. Mtu akibonyeza tangazo, Etsy humfuata kwa siku 30. Akinunua kitu chochote kwenye duka hilo ndani ya siku hizo, hata kama si kile kilichotangazwa, asilimia 15 inakatwa. Kwa hiyo mteja anaweza kubonyeza picha ya kiondo leo, akarudi baada ya wiki tatu kununua mkoba mwingine akiwa ametumiwa kiungo na rafiki, na mauzo hayo yakahesabiwa kuwa ya tangazo. Kwenye taarifa mstari huo unataja oda, hivyo unaweza kuonekana mara moja ni oda zipi zililetwa hivyo. Kuzima mpango ni jambo la dakika mbili kwenye mipangilio ya duka kwa aliye chini ya dola 10,000. Mwandishi huyu anaona kwamba kwa bidhaa inayobakiza chini ya theluthi moja ya bei, kuuacha ukiwa umewashwa bila kujua ni hatari kuliko ada nyingine yoyote katika taarifa nzima. Kwa bidhaa yenye faida nene, huenda ni mteja wa ziada ambaye asingepatikana.

Anayetaka kubaki ndani ya mpango anaweza kulimudu kwa bei. Kila dola moja inayoongezwa kwenye bei ya kiondo, ikishakatwa asilimia 6.5, asilimia 3 na asilimia 15, humwachia muuzaji kama senti 75. Ili ile dola 7.79 ifike dola 14 hata mteja akija kwa tangazo, anahitaji kuongeza dola nane na ushei. Kiondo kinapaswa kuuzwa dola 56 na ushei au zaidi. Kama soko linaibeba bei hiyo au la, ni swali ambalo taarifa haiwezi kulijibu, lakini bila taarifa asingejua hata kuliuliza.

Kusoma oda moja ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuelewa kwa nini fedha inayoingia benki haifanani na mauzo ya mwezi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, ilhali hesabu yenyewe ni nyepesi.

Etsy haitumi fedha kila oda inapouzwa. Inaziweka kwenye salio la duka, inakata ada kutoka kwenye salio hilo, kisha inatuma kilichobaki kwa ratiba aliyoichagua muuzaji: kila siku ya kazi, kila wiki, kila wiki mbili au kila mwezi. Wengi wako kwenye ratiba ya wiki, ambayo hutumwa Jumatatu. Duka jipya husubirishwa siku za ziada kabla fedha ya oda haijawa huru. Kwa hiyo kiondo kilichouzwa tarehe 30 kinaweza kuwa na mauzo mwezi huu, lebo mwezi ujao, na fedha yake ikaingia benki Jumatatu inayofuata, ikiwa imechanganyika na oda nyingine tatu.

Mwezi mmoja wa mama wetu unaweza kusomeka hivi. Alianza na salio la dola 38.10 lililobaki mwezi uliopita. Wateja 14 walilipa dola 925.30, ndani yake kodi za majimbo dola 61.30, kwa hiyo mauzo yake halisi, bidhaa na usafirishaji, ni dola 864. Kamisheni, ada za kadi na za kuorodhesha zikawa dola 91.02. Lebo za posta dola 158.70. Oda mbili zilikuja kwa matangazo ya nje, dola 17.10. Ukitoa hizo zote pamoja na kodi, mwezi umezalisha dola 597.18. Jumlisha salio la mwanzo, unapata dola 635.28. Benki imepokea dola 552.40 kwa Jumatatu nne. Toa, kinabaki dola 82.88, na hicho ndicho kinachopaswa kuonekana kama salio la kufungia mwezi.

Kama kinaonekana, taarifa imesimama. Kama hakionekani, kuna mstari haujahesabiwa, na mara nyingi ni mmoja kati ya miwili: marejesho kwa mteja au marekebisho ya posta. Mteja akirudishiwa fedha yake yote, kamisheni ya oda hiyo hurudi kwa muuzaji kama mstari wa kuongeza, lakini senti 20 za kuorodhesha hazirudi, na lebo iliyokwisha kutumika hairudi. Muuzaji anayedhani kwamba oda iliyofutwa imejifuta kabisa atabaki na pengo la dola kumi na kitu asilolielewa.

Angalia jinsi tarakimu tatu zinavyopigania jina moja. Dola 925.30 ni fedha iliyopita. Dola 597.18 ni iliyobaki baada ya soko na posta. Dola 552.40 ndiyo iliyofika benki. Mama akimwambia mdogo wake wa Machakos kwamba mwezi huu biashara ilikuwa “mia tisa”, hajadanganya, lakini amemtajia tarakimu isiyoweza kununua katani. Gharama zake mwenyewe kwa viondo 14, kwa dola 23.80 kila kimoja, ni dola 333.20. Kilichobaki kwa kazi ya mikono ya mwezi mzima ni dola 263.98. Hiyo ndiyo anayoweza kuzungumza juu yake kwenye simu, na ndiyo inayopaswa kuamua kama bei ya kusukia ipande.

Taarifa yenyewe hupatikana sehemu ya fedha ndani ya ukurasa wa kuendeshea duka, kwa kila mwezi peke yake, na inaweza kupakuliwa kama faili la CSV linalofunguka kwenye Eksel. Faili hilo lina mistari yote, kila mmoja na tarehe, aina na kiasi chake. Oda ya kiondo cha Houston ingeonekana ndani yake kwa umbo kama hili, tukiacha safu chache:

```
Type,Title,Amount,Fees & Taxes,Net
Sale,Payment for Order,61.70,-2.10,59.60
Tax,Sales tax paid by buyer,--,-4.70,-4.70
Fee,Transaction fee: Kiondo,--,-3.12,-3.12
Fee,Transaction fee: Shipping,--,-0.59,-0.59
Fee,Listing fee,--,-0.20,-0.20
Shipping,Shipping label,--,-10.85,-10.85
```

Safu ya mwisho ikijumlishwa inatoa dola 40.14. Ukiwa na Eksel, panga kwanza kwa namba ya oda, kisha ongeza safu yako mwenyewe ya gharama ya bidhaa. Ukishafanya hivyo kwa mwezi mmoja, viondo vinavyokulipa na vinavyokunyonya vinatengana vyenyewe. Mara nyingi kile kinachouzwa sana ndicho kidogo kuliko vyote, ambacho ada ya senti 25 na lebo ya posta zimekila hadi mfupa.

Faili hizo zina kazi nyingine pia, na hii inahusu serikali. Mlipa kodi wa Marekani aliyeuza zaidi ya dola 20,000 kwa oda zaidi ya 200 katika mwaka mmoja hutumiwa na soko fomu inayoitwa 1099-K, na nakala yake inakwenda mamlaka ya mapato. Kiwango hicho kilirudishwa na sheria ya Julai 2025 baada ya mipango ya kukishusha sana. Majimbo mengine yana viwango vya chini zaidi. Tarakimu iliyo kwenye fomu hiyo ni fedha ghafi, kabla ya kamisheni, kabla ya lebo, kabla ya matangazo. Mtu akiiandika kwenye ritani yake kama mapato na kuacha hapo, atatozwa kodi kwa fedha iliyokwenda kwa Etsy na kwa posta. Makato yote yanaruhusiwa kutolewa kama gharama za biashara, lakini anayepaswa kuyaonyesha ni muuzaji, na ushahidi wake ni taarifa za miezi 12. Fomu hutumwa kufikia mwisho wa Januari, kwa hiyo anayepakua faili la kila mwezi mara mwezi unapofungwa anakuwa na mwaka mzima mkononi kabla fomu haijafika. Hata yule ambaye hakufikisha kiwango cha kutumiwa fomu anadaiwa kutangaza faida yake, na kwake taarifa hizo ndizo hesabu pekee za mauzo alizo nazo.